Dola 1000, miaka mitano: riba sahili na riba inayozaa riba

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, anauza unga wa mahindi kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Jioni moja alikuja nyumbani na karatasi mbili ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa amekusanya dola 1000 na hakutaka kuzigusa kwa miaka mitano, mpaka binti yake wa kwanza amalize sekondari na kuingia Unilu, chuo kikuu cha hapa. Karatasi moja ilitoka mahali palipomwahidi asilimia 10 kwa mwaka. Nyingine ilimwahidi asilimia 9.

“Mdogo wangu, hapa hakuna hata neno la kuuliza,” aliniambia. “Kumi inapita tisa. Nimekuja tu unisomee kama sahihi iko mahali pake.”

Nikasoma zote mbili mpaka chini. Karatasi ya asilimia 10 ilisema riba itahesabiwa juu ya pesa aliyoweka mwanzoni. Ile ya asilimia 9 ilisema riba itaongezwa juu ya mtaji kila mwisho wa mwaka. Nikamwomba akae, tukavuta daftari. Ninaandika hapa hesabu tuliyoifanya usiku ule, kwa mpangilio ule ule, ili mtu mwingine mwenye karatasi mbili mkononi aweze kuifuata.

Hatua ya 1: Andika mambo manne kabla ya kupiga hesabu

Chukua karatasi na uandike mtaji, kiwango cha riba, muda wa kiwango hicho, na miaka ambayo pesa itakaa. Kwa yaya ilikuwa dola 1000, asilimia fulani, kwa mwaka, miaka mitano.

Jambo la tatu ndilo watu wanaliruka. “Asilimia 10” peke yake haina maana mpaka ujue ni 10 ya mwaka au ya mwezi. Mtu anayekopa kwa wakopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita banki lamberi, mara nyingi anatajiwa riba ya mwezi, na yule anayeweka akiba anatajiwa ya mwaka. Dola 1000 kwa asilimia 10 ya mwaka inaleta 100 kwa mwaka mzima. Kwa asilimia 10 ya mwezi, hata bila riba kuzaa riba, ni 1200. Kwa hiyo andika neno “mwaka” au “mwezi” pembeni ya kiwango, na kama karatasi haisemi, rudi ukaulize.

Tulifanya hesabu zote kwa dola, kwa kuwa ndizo alizokuwa nazo. Wanaokumbuka mwaka 1998, wakati franga ya Kongo ilipoingia na kubadilishwa franga 1 kwa zaire mpya 100,000, wanajua kwa nini watu wa hapa wanaweka akiba ya miaka mingi kwa dola.

Hatua ya 2: Anza na kiwango kimoja kwa njia zote mbili

Ukilinganisha asilimia 10 ya njia moja na asilimia 9 ya njia nyingine mara moja, hutajua tofauti imeletwa na kiwango au na njia. Ndiyo sababu nilimwambia yaya tuweke zile karatasi pembeni kwanza, tuchukue dola 1000 zile zile, asilimia 10 kwa mwaka, miaka mitano, na tubadilishe kitu kimoja tu: namna ya kuhesabu riba.

Riba sahili, ambayo shuleni tuliiita entere sempli, ni nyepesi. Asilimia 10 ya 1000 ni 100. Kila mwaka unapata 100, kwa kuwa kila mwaka hesabu inarudi kwenye 1000 ya mwanzo, kana kwamba riba ya miaka iliyopita haipo. Mwaka wa kwanza 1100, wa pili 1200, wa tatu 1300, wa nne 1400, wa tano 1500. Ukitaka kwenda moja kwa moja, zidisha 100 mara 5 na ujumlishe na mtaji.

Njia ya pili, entere kompoze, inafanya jambo moja tofauti: mwaka ukifungwa, riba inaingia ndani ya mtaji, na mwaka unaofuata asilimia inahesabiwa juu ya jumla mpya. Usiruke mwaka hata mmoja hapa. Fanya pole pole, mstari kwa mstari:

Mwaka wa 1: asilimia 10 ya 1000 ni 100. Jumla 1100.
Mwaka wa 2: asilimia 10 ya 1100 ni 110. Jumla 1210.
Mwaka wa 3: asilimia 10 ya 1210 ni 121. Jumla 1331.
Mwaka wa 4: asilimia 10 ya 1331 ni 133 na senti 10. Jumla 1464 na senti 10.
Mwaka wa 5: asilimia 10 ya 1464 na senti 10 ni 146 na senti 41. Jumla 1610 na senti 51.

Pesa ni ile ile, kiwango ni kile kile, miaka ni ile ile. Njia moja imefika 1500, nyingine 1610 na senti 51. Yaya aliangalia daftari, akaniangalia, akauliza swali ambalo ningependa kila mtu aulize.

“Hizi dola mia na kumi zimetokea wapi? Nani amezileta?”

Hatua ya 3: Hesabu ukoo wa pesa

Ningeweza kumjibu “zimetokana na riba juu ya riba,” na lingekuwa jibu sahihi ambalo halimsaidii. Nikamwambia ahesabu kama anavyohesabu ukoo.

Ile dola 1000 ni mama. Kila mwaka mama anazaa mtoto mmoja wa dola 100. Kwa miaka mitano amezaa watoto watano, yaani dola 500. Riba sahili inaishia hapo: mama anazaa, watoto hawazai.

Katika njia ya pili watoto nao wanazaa. Mtoto wa dola 100 anazaa asilimia 10 ya mwili wake, yaani mjukuu wa dola 10, kila mwaka baada ya kuzaliwa kwake. Mtoto aliyezaliwa mwisho wa mwaka wa kwanza ana miaka minne ya kuzaa, basi analeta wajukuu wanne. Wa mwaka wa pili analeta watatu. Wa tatu wawili, wa nne mmoja. Mtoto wa mwaka wa tano amezaliwa siku ya kufunga hesabu, hana nafasi ya kuzaa. Nne na tatu na mbili na moja ni kumi. Wajukuu kumi wa dola 10 ni dola 100.

Hapo tayari tumepata karibu tofauti yote. Kilichobaki ni vizazi vya chini. Kila mjukuu wa dola 10 anazaa kitukuu wa dola 1 kwa kila mwaka unaobaki. Ukiwahesabu kwa utaratibu ule ule utapata vitukuu kumi: mmoja mwaka wa tatu, watatu mwaka wa nne, sita mwaka wa tano. Hizo ni dola 10. Vitukuu wanazaa vilembwe wa senti 10. Wako watano, jumla senti 50. Na mwaka wa tano, kilembwe wa kwanza anazaa kining'ina mmoja wa senti 1.

Jumlisha: watoto 500, wajukuu 100, vitukuu 10, vilembwe senti 50, kining'ina senti 1. Ni dola 610 na senti 51, bila kupungua hata senti.

Yaya alirudia kuhesabu wajukuu kwa vidole, na mimi nilimwacha, maana hapa ndipo kila kitu kinapoeleweka. Kwanza, tofauti ya njia hizi mbili, kwa muda wa miaka mitano, ni wajukuu. Vizazi vinavyofuata ni chenji. Pili, mtoto wa mwaka wa kwanza ndiye anayeleta wajukuu wengi kuliko wote. Ukimwondoa yeye, unaondoa ukoo mzima ulio chini yake.

Tukaijaribu hiyo ya pili. Tuseme mwisho wa mwaka wa kwanza anatoa zile 100 kulipia minerval, yaani ada ya shule, ya mtoto mwingine, kisha hagusi tena. Anabaki na 1000 kwa miaka minne, na miaka minne, kama tulivyoona kwenye orodha, inafika 1464 na senti 10. Ametoa dola 100, lakini mwisho zimepungua 146 na senti 41: dola 100 zenyewe, pamoja na uzao wake wa miaka minne. Sikumwambia asitoe. Minerval ni deni lisilongoja. Nilimwambia tu aandike 146 kwenye daftari, isiwe 100, ili ajue bei ya kile anachokifanya.

Na akitoa riba yote kila mwaka, mama anabaki peke yake mwaka hadi mwaka, na hesabu inageuka kuwa sahili hata kama karatasi inasema kompoze.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu mwaka wa pili

Angalia tena mistari ya juu. Mwisho wa mwaka wa kwanza njia zote mbili zina 1100. Hakuna mtu duniani anayeweza kuzitenganisha kwa kuangalia mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mfano wowote wa mwaka mmoja ambao karani anakuandikia kwenye kipande cha karatasi hauna msaada kwako.

Mwaka wa pili ndio unaosema. Muulize karani hivi: “Nikiweka dola 1000 na nisitoe kitu, mwisho wa mwaka wa pili nitakuwa na ngapi?” Kwa asilimia 10, akisema 1200 ni sahili. Akisema 1210, riba inazaa. Mwombe aandike namba hiyo na kuweka mhuri. Maneno kama “riba nzuri” au “faida inakua” yaache yapite. Dola 10 za mjukuu wa kwanza ndizo ushahidi.

Kuna namba nyingine inayochanganya watu. Mtu anaweza kusema: “Kwetu pesa inaongezeka kwa asilimia 61 katika miaka mitano, maana yake ni zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka.” Amechukua 610 na kugawanya kwa 5, amepata 122. Hesabu ya kugawanya ni sawa, lakini jina alilolipa si sawa. Ni asilimia 10 ile ile inayozaa, imevikwa nguo ya 12. Ukiichukua hiyo 12 na kuidhania kuwa nayo inazaa, utatarajia dola 1762, na siku ya kufunga utaona pengo la dola 150 na zaidi. Daima rudi kwenye mwaka wa kwanza na wa pili: mwaka wa kwanza unakupa kiwango, wa pili unakupa njia.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa simu, kisha ihakikishe

Huhitaji kanuni yoyote kwa kichwa. Kuongeza asilimia 10 ni sawa na kuzidisha kwa 1.1. Kwenye kikokotoo cha simu andika 1000, zidisha kwa 1.1, bonyeza sawa. Zidisha tena kwa 1.1, bonyeza sawa, mara tano. Kila ukibonyeza, andika namba kwenye daftari. Wanaotegemea kubonyeza alama ya sawa mara nyingi bila kuandika tena “× 1.1” wajihadhari, kwa kuwa simu nyingine hazirudii hesabu ya mwisho, na nyingine zinairudia. Kwa asilimia 9 unazidisha kwa 1.09, si kwa 1.9. Kosa hilo la sifuri nimeliona mara nyingi: 1.9 ni kuongeza asilimia 90, na utalijua mara moja kwa sababu mwaka wa kwanza tu 1000 inaruka hadi 1900.

Mwenye kompyuta anaweza kuandika mstari mmoja kwenye jedwali. Kompyuta nyingi za hapa zimewekwa kwa Kifaransa, hivyo desimali inaandikwa kwa mkato:

```
=1000*(1+0,1*5)
=1000*(1+0,1)^5
```

Mstari wa kwanza ni riba sahili, unaleta 1500. Wa pili unaleta 1610,51. Angalia mahali 5 ilipokaa. Kwenye sahili miaka inazidisha kiwango, kwenye ya pili miaka inahesabu mara ngapi jumla nzima inazidishwa. Ukiona jibu la ajabu, karibu kila mara ni mabano yaliyosahaulika. Kama kompyuta yako inatumia nukta, badilisha 0,1 kuwa 0.1.

Wengine watakuambia riba yao inaingia kwenye mtaji kila mwezi badala ya kila mwaka. Hiyo inasaidia, lakini kidogo. Asilimia 10 ya mwaka ikigawanywa kwa miezi 12, dola 1000 inafika 1645 na senti 31 baada ya miaka mitano, yaani 35 juu ya ile ya kila mwaka. Hata wakiongeza kila siku haitafika 1649. Usikubali kiwango cha chini sana kwa ajili ya neno “kila mwezi.”

Hatua ya 6: Rudi kwenye karatasi zako

Sasa tukazichukua karatasi za yaya. Ile ya asilimia 10 sahili tulikuwa tumeshaijua: 1500. Ile ya asilimia 9 tukaipiga mwaka kwa mwaka, yeye akisoma simu na mimi nikiandika: 1090, kisha 1188 na senti 10, kisha 1295 na senti 3, kisha 1411 na senti 58, kisha 1538 na senti 62.

Tisa imepita kumi kwa dola 38 na senti 62.

Lakini usichukue hiyo kama sheria kwamba njia ya pili inashinda daima. Kama karatasi ile ingekuwa na asilimia 8, miaka mitano ingeleta 1469 na senti 33, chini ya 1500. Mstari wa kugawanya, kwa miaka mitano dhidi ya asilimia 10 sahili, uko karibu na 8.45. Juu yake chagua inayozaa, chini yake chagua sahili. Na miaka ikibadilika, mstari nao unahama: ile 8 inayoshindwa mwaka wa tano bado iko nyuma mwaka wa sita, 1586 na senti 87 dhidi ya 1600, kisha mwaka wa saba inapita, 1713 na senti 82 dhidi ya 1700. Mtu wa miaka mitano na mtu wa miaka saba wanaweza kuwa na karatasi zile zile na wakachagua tofauti, na wote wawili wako sawa.

Ninapaswa kusema pia kwamba 9 na 10 ni viwango vya juu kwa akiba ya dola, na mtu anayekupa kiwango cha juu unapaswa kumuuliza pesa inakwenda wapi ili irudi na faida hiyo, na kama ana kibali cha Banki Kuu ya Kongo. Hesabu nzuri haimlindi mtu ambaye mahali alipoweka pesa pamefungwa. Wengi watakutana na viwango vidogo, na hapo tofauti ya njia hizi inanyauka. Kwa asilimia 4, sahili inaleta 1200 na inayozaa 1216 na senti 65. Ni dola 16 tu kwa miaka mitano. Sababu iko kwenye ukoo: mtoto ni asilimia 4 ya mama, na mjukuu ni asilimia 4 ya mtoto mdogo. Kiwango kikipungua mara mbili na nusu, kutoka 10 hadi 4, watoto wanapungua mara mbili na nusu, lakini wajukuu wanapungua zaidi ya mara sita.

Kwa kiwango kidogo namna hiyo, macho yako yaende kwenye gharama za kushika akaunti. Dola 1 kwa mwezi inaonekana si kitu. Lakini ni 12 kwa mwaka, na zile 12 zilizokatwa mwaka wa kwanza nazo zingezaa. Kwenye mfano wetu wa asilimia 10, gharama ya dola 12 kila mwisho wa mwaka inashusha 1610 na senti 51 hadi 1537 na senti 25. Umelipa 60 kwa mkono, umepoteza 73. Kwenye asilimia 4 gharama ile ile inakula faida yote ya kuzaa na inaendelea kula ya sahili.

Hatua ya 7: Soma kinachotokea siku ya kufunga mwaka

Akiba ya muda maalumu, ile wanayoiita depo a terme, mara nyingi inasainiwa kwa mwaka mmoja, kisha inafanywa upya. Siku ile ya kufanya upya ndiyo inayoamua kama riba itazaa au haitazaa. Kuna maneno matatu ya kutafuta. Je, akiba inafanywa upya yenyewe, au pesa inakaa bila riba mpaka uje? Ikifanywa upya, ni mtaji peke yake au ni mtaji pamoja na riba? Na ukitoa kabla ya mwaka kuisha, unapoteza riba ya mwaka huo tu, au na ya miaka iliyotangulia?

Karatasi ya yaya ilisema “mtaji pamoja na riba.” Akasaini, akaweka dola zake, akabaki na nakala yenye mhuri. Nikamwomba anite siku mwaka utakapofungwa.

Tulikwenda pamoja. Karani alitupa karatasi mpya, tabasamu, na kijitabu. Karatasi ya mwaka wa pili ilianza na dola 1000. Zile 90 zilikuwa zimewekwa kwenye akaunti ya kawaida, ile isiyo na riba yoyote. Kwa sauti ya upole karani alieleza kwamba ndivyo mashine inavyofanya kwa wateja wote, na kwamba pesa haijapotea, iko pale, yaya anaweza kuichukua hata sasa.

Ni kweli haikupotea. Lakini yaya alikuwa ameshajifunza kuhesabu. Alitoa daftari lake kwenye pochi, akafungua ukurasa wa ule usiku, akaandika mbele ya karani: 90 mara 5 ni 450. Kama wataendelea hivi, miaka mitano itamletea 1450. Ile karatasi aliyoikataa, ya asilimia 10, ingemletea 1500. Sababu yote ya kuchagua 9 ilikuwa wajukuu, na wajukuu walikuwa wamezuiwa kuzaliwa mwaka wa kwanza tu, na mtoto yule mwenye uzao mkubwa kuliko wote ndiye aliyewekwa pembeni.

“Baba,” alimwambia karani, “mimi sikuja kuchukua hizi 90. Nimekuja kuziona ndani.”

Akaweka nakala ya mkataba juu ya meza, kidole kwenye maneno “pamoja na riba.” Karani akaenda kwa mkubwa wake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki karibu saa nzima. Mkubwa akaja, akasoma, akauliza kama tuna haraka, tukasema hatuna. Walirekebisha siku ile ile, tarehe ikabaki ya siku ya kufunga mwaka, na wakaandika kwenye karatasi mpya mtaji wa dola 1090. Yaya akaomba pia barua fupi inayosema agizo hilo ni la miaka yote inayobaki, akaisoma yeye mwenyewe kabla mhuri haujagonga.

Mwaka wa pili ulipofungwa alikwenda peke yake. Alinitumia picha ya karatasi kwa simu, bila neno lolote: 1188,10.